Kupima Mwili kwa Hewa Badala ya Maji

Chumba cha kupimia ujazo wa mwili kwa hewa ni kibanda cha plastiki ngumu chenye umbo la yai, kinachomtosha mtu mzima mmoja akiwa ameketi. Mpimwaji huingia akiwa amevaa nguo ya kuogelea, mlango hufungwa, na baada ya muda usiofika dakika moja mashine huonyesha mwili wake una ujazo wa lita ngapi. Chumba kinachojulikana zaidi duniani huitwa Bod Pod. Kilielezwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya sayansi mwaka 1995 na watafiti wa Marekani, Dempster na Aitkens. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 50, kipimo kilichoaminika kwa kazi hiyo kilikuwa ni kumzamisha mtu majini na kumpima uzito akiwa humo.

Njia zote mbili hutafuta kitu kimoja, nacho ni ujazo wa mwili. Ujazo hautafutwi kwa ajili yake wenyewe, bali kwa sababu ukijulikana pamoja na uzito, mtu anaweza kukadiria ni kiasi gani cha mwili huo ni mafuta. Mizani peke yake haiwezi kutoa jibu hilo. Mwaka 1942, Albert Behnke, daktari wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alichapisha pamoja na mwenzake vipimo vya wachezaji 25 wa kulipwa wa futiboli ya Marekani. Kwa majedwali ya urefu na uzito yaliyotumika wakati huo, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa unene. Walipopimwa majini ilionekana kwamba wengi wa hao hawakuwa wanene kwa mafuta: uzito wao ulitokana na misuli.

Misuli, mifupa na maji ni vizito kuliko mafuta yenye ujazo uleule. Lita moja ya mafuta ya mwili ina uzito wa kilo 0.9 hivi. Lita moja ya sehemu nyingine zote za mwili, zikichukuliwa kwa wastani, ina kilo 1.1. Kwa hiyo ukigawanya uzito wa mtu kwa ujazo wake unapata densiti, yaani kilo kwa kila lita, na kadiri densiti inavyokaribia 1.1 ndivyo mwili unavyokuwa na mafuta machache. Fomula inayotumika zaidi kugeuza densiti kuwa mafuta ilitolewa na William Siri wa Chuo Kikuu cha California:

asilimia ya mafuta = 495 ÷ densiti − 450

Fomula hiyo ni fupi, lakini ina ukali wake. Chukua mwanamume mwenye uzito wa kilo 80 na urefu wa sentimita 175, ambaye ujazo wake halisi ni lita 75.48. Densiti yake ni 1.06 na mafuta yake ni asilimia 17. Ujazo huo ukikosewa kwa lita moja tu, ukaandikwa 76.48, jibu linaruka hadi asilimia 23. Kosa la lita moja kati ya 75 linaonekana dogo, lakini linatosha kumhamisha mtu kutoka kundi la wenye miili ya mazoezi hadi kundi la wenye miili ya kawaida. Ugumu wote wa upimaji huu umo hapo: ujazo lazima upatikane kwa usahihi wa gramu na mililita, katika mwili unaopumua, wenye nywele, joto na mapafu yaliyojaa hewa.

Kipimo cha majini

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kumzamisha mpimwaji katika tangi na kusoma maji yamepanda kiasi gani. Njia hiyo ipo, lakini haifai kwa usahihi unaotakiwa. Katika tangi lenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja, kila lita ya ujazo hupandisha maji kwa milimita moja tu. Wimbi dogo linalotokana na pumzi ya mtu linaweza kuzidi hapo.

Ndiyo maana wapimaji huacha kusoma kina cha maji na badala yake husoma mizani. Kitu kilichozama hupungua uzito kwa kiasi kilekile cha uzito wa maji kilichoyasukuma, kanuni iliyojulikana tangu enzi za Arkimidi. Mpimwaji huketi kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani ndani ya tangi la maji ya vuguvugu, kwa kawaida kati ya nyuzi joto 33 na 36 za Selsiasi. Hutoa pumzi yote anayoweza kuitoa, huinama hadi kichwa kizame, kisha hutulia sekunde chache bila kutikisika wakati mpimaji anasoma mizani. Halafu huibuka, hupumzika, na kurudia. Mara chache za mwanzo huwa ni za kujifunza, hivyo marudio huweza kufika nane au kumi kabla ya kupatikana majibu yanayolingana.

Mwanamume wa mfano wetu, mwenye kilo 80 nchi kavu, huonyesha kilo 3.55 akiwa amezama. Tofauti ya kilo 76.45 ni uzito wa maji aliyoyasukuma. Kwa maji ya nyuzi joto 34, ambayo kila lita ina kilo 0.9944, hayo ni lita 76.88. Lakini ujazo huo si wa mwili peke yake. Hata mtu akitoa pumzi hadi mwisho, mapafu hubakiza hewa isiyotoka, ambayo kwa mtu mzima huwa ni zaidi ya lita moja. Kwake yeye ni lita 1.3. Kuna pia gesi tumboni na kwenye utumbo, ambayo kwa desturi hukadiriwa kuwa lita 0.1 kwa kila mtu. Ukiondoa zote mbili unabaki na lita 75.48, na mafuta asilimia 17.

Hewa hiyo ya mapafuni ndiyo udhaifu mkubwa wa kipimo cha majini. Inabidi ipimwe kwa mashine nyingine, kwa mfano kwa kumpumulisha mtu oksijeni au gesi ya heli na kuangalia jinsi inavyochanganyika na hewa iliyobaki ndani. Na hata ikishapimwa vizuri, bado mtu anatakiwa aitoe pumzi hadi kiwango kilekile akiwa amezamisha kichwa, jambo ambalo mwili hulikataa kwa nguvu. Mwanamume wetu akiogopa kidogo na kubakiza nusu lita zaidi ya alivyodhaniwa, ataelea zaidi, mizani itasoma kilo 3.05 badala ya 3.55, na jibu litakuwa asilimia 20. Mafuta hayo matatu ya ziada kwa mia ni pumzi tu. Mpimaji mzoefu huitambua hali hiyo kwa sababu usomaji wa mizani huendelea kupanda kutoka jaribio moja hadi jingine, na mapovu huendelea kutoka puani mtu akiwa chini.

Ndani ya chumba cha hewa

Chumba cha hewa huepuka haya kwa kutumia tabia nyingine ya maumbile: hewa iliyofungiwa mahali pembamba hupanda shinikizo upesi kuliko hewa iliyofungiwa mahali papana. Kibanda kina vyumba viwili. Cha mbele, anamoketi mpimwaji, kina lita 450 hivi, na cha nyuma, kisichoingiwa na mtu, kina lita 300 hivi. Kiti chenyewe ndio ukuta unaovitenga. Kwenye ukuta huo kuna kiwambo kinachosukumwa mbele na nyuma kwa umeme. Kikienda mbele hupunguza nafasi ya chumba cha mbele kwa kiasi kilekile kinachoongeza cha nyuma, kama theluthi moja ya lita. Kikirudi nyuma mambo hugeuka.

Msukumo huo ni mdogo sana, na mtu aliyeketi ndani huusikia kwa shida. Lakini vipima-shinikizo vya pande zote mbili huunasa. Kibanda kikiwa kitupu, uwiano wa mabadiliko ya shinikizo mbele na nyuma huonyesha ukubwa wa vyumba viwili. Mtu anapoketi ndani, hewa ya mbele hupungua kutoka lita 450 hadi kama lita 375, na shinikizo lake huanza kupanda na kushuka kwa nguvu zaidi. Kutokana na uwiano mpya, kompyuta hukokotoa nafasi iliyochukuliwa. Ili kuhakikisha kwamba hesabu hiyo ni ya kweli, kila kabla ya kumpima mtu mashine hupimwa ikiwa tupu, kisha ikiwa na mtungi wa chuma wenye ujazo unaojulikana wa lita 50.

Tatizo ni kwamba hewa haina tabia moja. Inapobanwa haraka hupata joto, na joto hilo huifanya ipinge kubanwa. Hivyo ndivyo inavyofanya hewa iliyo katikati ya chumba. Lakini hewa iliyogusa ngozi, iliyonaswa kwenye nywele au nyuzi za nguo, au iliyo ndani ya mapafu, hukabidhi joto lake papo hapo kwa mwili ulio karibu nayo. Haipati joto, kwa hiyo haipingi sana. Hubanika kwa urahisi wa asilimia 40 zaidi. Kwa mashine, lita moja ya hewa ya aina hiyo ni sawa na lita 1.4 za hewa ya kawaida. Matokeo yake, chumba huonekana kina hewa nyingi kuliko iliyomo, na mwili huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Kwa mwanamume wetu, mashine husoma lita 73.05. Jibu hilo likiachwa hivyohivyo na kuingizwa kwenye fomula, litasema ana mafuta ya asilimia 2, kiasi ambacho binadamu mwenye afya hawezi kuwa nacho. Inabidi marekebisho mawili yafanyike. La kwanza ni la ngozi: eneo la ngozi hukadiriwa kutokana na urefu na uzito, na kwa mtu wa ukubwa wake ni kama mita za mraba 1.96, ambazo huongeza lita 0.91. La pili ni la mapafu. Mtu anayepumua kawaida huwa na hewa mapafuni muda wote, kwake yeye lita 3.8 kwa wastani. Asilimia 40 ya hiyo ni lita 1.52. Ukijumlisha 73.05, 0.91 na 1.52 unarudi kwenye lita 75.48 zilezile zilizopatikana majini.

Hewa ya mapafu hupimwa ndani ya kibanda hichohicho. Mpimwaji hubana pua kwa kibanio na kupumua kwa mpira uliounganishwa na mashine. Baada ya pumzi kadhaa, valvu hufunga njia ya hewa ghafla katikati ya pumzi, naye hutakiwa kupuliza kwa upole mara mbili au tatu dhidi ya njia iliyofungwa, mashavu yakiwa yamekazwa. Mashine hulinganisha shinikizo la mdomoni na badiliko la shinikizo chumbani. Yakiwa hayaendi pamoja, jambo linalotokea pale hewa inapovuja pembeni ya midomo au mtu anapopuliza kwa nguvu mno, mashine hukataa jibu na zoezi hurudiwa. Wapo wasioliweza kabisa, na kwao hutumika kadirio linalotokana na umri, jinsia na urefu.

Zikiwekwa bega kwa bega

Hapa ndipo tofauti kuu ya njia hizi mbili inapoonekana. Majini, hewa ya mapafu huhesabiwa yote kama sehemu ya mwili na kisha huondolewa yote, kwa hiyo kila mililita iliyokosewa huingia nzima kwenye jibu. Katika chumba cha hewa, pumzi ya mtu imeungana na hewa ya chumba na huhesabiwa humo yenyewe. Kinachohitaji kurekebishwa ni ile asilimia 40 ya ziada tu. Nusu lita ileile iliyompandisha mwanamume wetu kutoka asilimia 17 hadi 20 majini, ikikosewa katika chumba cha hewa, humsogeza kwa zaidi kidogo ya pointi moja. Isitoshe, hatakiwi kutoa pumzi yote wala kuzamisha kichwa. Ndiyo maana chumba cha hewa kinaweza kuwapima wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu na wasiojua kuogelea, ambao majini wangetoa majibu mabaya au wasingekubali kuingia.

Kwa upande wa ulinganifu, jaribio la kwanza kubwa, lililochapishwa na McCrory na wenzake mwaka 1995, liliwapima watu wazima 68 kwa njia zote mbili. Wastani wa majibu ulitofautiana kwa pointi 0.3 tu ya asilimia ya mafuta. Tafiti zilizofuata kwa ujumla zimekuta wastani wa makundi ukikaribiana kwa pointi moja hivi, ingawa zipo zilizokuta pengo la hadi pointi 4. Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Katika kundi ambalo wastani wake unalingana, mtu mmoja anaweza kupata asilimia 15 majini na 18 hewani, na mwingine kinyume chake. Kwa mtu mmojammoja, majibu ya njia hizi mbili hayawezi kubadilishana nafasi. Anayefuatilia mabadiliko ya mwili wake kwa miezi kadhaa anapaswa kupimwa kwa njia ileile, na ikiwezekana kwa mashine ileile, la sivyo atadhani amenenepa kumbe amebadilisha kipimo.

Eneo ambalo maji hayawezi kabisa kushindana ni la watoto wachanga. Kwa ajili yao kipo chumba kidogo kiitwacho Pea Pod, chenye kitanda badala ya kiti, ambamo mtoto hupimwa kwa dakika chache bila kujali kama analia au anajinyoosha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, watafiti mjini Jimma, Ethiopia, wamekitumia kufuatilia jinsi watoto wanavyoongeza mafuta na misuli katika miezi ya mwanzo ya maisha. Mizani ya kliniki huonyesha tu kwamba mtoto ameongezeka uzito. Haionyeshi alichoongeza ni nini.

Makosa ya hewani

Chumba cha hewa nacho kina makosa yake, na mengi huvutia upande mmoja. Kwa kuwa hewa iliyonaswa kwenye nywele na nguo huufanya mwili uonekane mdogo, karibu kila uzembe wa maandalizi humpunguzia mtu mafuta asiyoyapunguza. Nguo pana ni mbaya kuliko zote: mtu aliyepimwa akiwa na gauni la hospitali hupata jibu la chini kwa pointi nyingi kuliko akiwa na nguo ya kuogelea iliyobana. Nywele zisizobanwa kwa kofia ya mpira hufanya vivyo hivyo, na ndevu nyingi pia, ingawa kwa kiasi kidogo. Ngozi yenye jasho au joto la mazoezi huvuruga hewa iliyo karibu nayo. Kwa sababu hizo mpimwaji huambiwa asile wala kufanya mazoezi kwa saa mbili hivi kabla ya kipimo, aende haja ndogo, ajikaushe, na avae nguo ya kuogelea inayobana pamoja na kofia.

Chumba kilimowekwa mashine nacho huleta kasoro. Mabadiliko ya shinikizo yanayosomwa ni madogo kiasi kwamba mlango wa ofisi ukifunguliwa, dirisha likiachwa wazi au kiyoyozi kikiwaka karibu, usomaji huharibika. Ishara ya kwanza ya hali hiyo huonekana kabla mtu hajaingia: mtungi wa lita 50 hausomeki kuwa lita 50, au husomeka tofauti kila unapopimwa. Ishara ya pili ni kwenye kipimo chenyewe. Mtu hupimwa mara mbili mfululizo, na usomaji wa ujazo usipotofautiana kwa zaidi ya mililita 150 hivi, hutafutwa wastani. Ukizidi hapo, hupimwa mara ya tatu. Kwa mwanamume wetu, mililita 150 ni karibu pointi moja ya mafuta, na hicho ndicho kiwango cha chini cha mashaka ambacho hata kipimo kizuri hubeba. Mtu aliyeambiwa ameshuka kutoka asilimia 17.4 hadi 16.9 bado hajaambiwa chochote cha uhakika.

Kosa ambalo njia zote hulishiriki

Ujazo ukishapatikana kwa usahihi, kwa maji au kwa hewa, bado unapitia fomula ileile, na fomula hiyo ina dhana ndani yake: kwamba mwili usio na mafuta una kilo 1.1 kwa kila lita kwa kila binadamu. Dhana hiyo ilijengwa juu ya uchunguzi wa maiti chache sana. Watoto wana maji mengi na mifupa isiyokomaa, hivyo densiti yao ya mwili usio na mafuta iko chini ya 1.1, na fomula huwaonyesha wana mafuta kuliko hali halisi. Wazee waliopoteza madini ya mifupa hupata kosa hilohilo. Mwenye mifupa mizito kuliko kawaida huonekana mwembamba kuliko alivyo.

Suala hili liliwahi kuhusishwa na watu wa asili ya Afrika. Mwaka 1984, watafiti nchini Marekani walidai kuwa wanaume weusi wana densiti ya 1.113 badala ya 1.1, wakapendekeza fomula yao: asilimia ya mafuta ni 437.4 ÷ densiti − 392.8. Kwa fomula hiyo, mwanamume wa mfano wetu angepanda kutoka asilimia 17 hadi karibu 20 bila mwili wake kubadilika hata kidogo. Tafiti za baadaye, zilizopima pia maji na madini ya mwili, hazikuuthibitisha utofauti huo, lakini baadhi ya mashine bado huiweka fomula hiyo kwenye orodha ya kuchagua. Kwa hiyo karatasi ya majibu isomwe pamoja na jina la fomula iliyotumika, na ujazo na densiti viandikwe pembeni ya asilimia ya mafuta. Ujazo na densiti ndivyo vilivyopimwa. Asilimia ni tafsiri yake, na fomula ikibadilika hukokotolewa upya bila mtu kurudi kwenye kibanda.